Kabla ya kukagua mfumo wa mikopo, tazama kalenda ya ziwa

Ukiitwa kukagua mfumo unaoamua nani apewe mkopo na nani akataliwe, utaletewa kwanza makabrasha ya muuzaji: michoro, asilimia, na maelezo ya jinsi alama zinavyopangwa. Yapokee, uyaweke pembeni. Mimi ni mkaguzi wa ndani, na huku Kigoma swali langu la kwanza huwa dogo tu: mfumo unatazama mapato ya siku ngapi nyuma?

Kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokikagua, jibu lilikuwa siku 90. Mfumo unajumlisha fedha zote zilizoingia kwenye simu ya mwombaji kwa siku hizo, unagawanya kwa tatu kupata mapato ya mwezi, halafu unaangalia kama rejesho la mwezi linazidi theluthi ya mapato hayo. Likizidi, ombi linakataliwa. Kanuni yenyewe haina ubaya, na kwa mwalimu anayelipwa kila mwisho wa mwezi inafanya kazi vizuri kabisa.

Sasa mchukue mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni Katonga, akawaanika na kuwauza. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hiyo, kwa mtu wa dagaa, simu inakaa kimya. Hata miezi ya kawaida fedha haziingii sawasawa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hupumzika na biashara hulala nao.

Namna ya kulipima hili ni kutengeneza waombaji pacha. Unawaandika wawili wa kubuni, kwenye mazingira ya majaribio na si kwenye mfumo unaotoa fedha, ukiwalinganisha kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Umri sawa, historia ya marejesho sawa, mkopo sawa, rejesho la shilingi 150,000 kwa mwezi. Wa kwanza ana duka, anaingiza 600,000 kila mwezi. Wa pili ni mama wa dagaa, anaingiza 800,000 kwa miezi tisa na sifuri kwa mitatu. Jumla ya mwaka ni ileile, 7,200,000. Kinachotofautiana ni lini fedha zinaingia, basi.

Weka tarehe ya ombi Septemba 14. Siku 90 nyuma zinatufikisha katikati ya Juni, kwa hiyo mama huyu ana mwezi mmoja tu wa biashara. Mfumo unagawa 800,000 kwa tatu, unapata kama 267,000, na theluthi yake ni 89,000. Amekataliwa. Mwenye duka theluthi yake ni 200,000, amepita.

Wakaguzi wengi wangeishia hapo, waandike kwamba mfumo unawaonea watu wa ziwani. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Rudisha tarehe hadi Mei 14, siku moja kabla ya ziwa kufungwa, uendeshe ombi lilelile. Sasa siku 90 zote ni za neema: wastani 800,000, na mfumo uko tayari kumbebesha rejesho la hadi 266,000 kwa mwezi, mtu ambaye kesho yake anaingia miezi mitatu bila kipato. Mwenye duka, mwenye jumla ileile ya mwaka, bado ana kikomo cha 200,000. Kwa hiyo mfumo unamnyima mama anapoweza kulipa, na unamkopesha kupita kiasi asipoweza. Bodi ya chama iliguswa zaidi na hiyo Mei kuliko Septemba, nami nakushauri uanze nayo unapowasilisha. Uonevu huwa wanausikiliza kwa heshima. Mkopo chechefu huwa wanausikiliza kwa makini.

Baada ya kalenda, nenda kwenye data yenyewe, na humo tafuta jambo moja kabla ya mengine: tofauti kati ya tupu na sifuri. Kuna watu wengi ambao laini wanayotumia imesajiliwa kwa jina la mume, mtoto au ndugu. Mfumo ukitafuta mapato kwa jina lao haupati kitu. Hiyo ni tupu, yaani hatujui. Sifuri ni kitu kingine: tunajua, na hakuna kilichoingia. Omba ruhusa ya kusoma jedwali la maombi, uulize hivi:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM maombi WHERE mapato_90 IS NULL;
SELECT COUNT(*) FROM maombi WHERE mapato_90 = 0;
```

Swali la kwanza likirudisha 0 na la pili likirudisha lundo, shuku. Yaelekea kuna mahali njiani ambapo mtu amejaza kila nafasi tupu kwa sifuri ili programu isigome. Chukua maombi kadhaa ya hao wenye sifuri, fungua fomu zao za karatasi, na uwapigie simu baadhi yao. Utasikia sauti ya mtu aliye sokoni akihesabu chenji huku kompyuta inasema hana kipato.

Muuzaji wa mfumo atakutolea usahihi wa asilimia 90. Muulize umepimwa kwa nani. Kama umepimwa kwa waliopewa mkopo tu, waliokataliwa hawamo, na hakuna ajuaye wangelipa au la. Tena kama tisa kati ya kumi hulipa kwa kawaida, hata programu inayosema "ndiyo" kwa kila mtu itakuwa sahihi kwa asilimia 90.

Linabaki la binadamu. Kila chama kitakuambia afisa mikopo ndiye mwenye neno la mwisho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Usibishane, omba kumbukumbu za mfumo: saa faili lilipofunguliwa na saa kitufe kilipobonyezwa. Faili la kurasa kadhaa likifungwa ndani ya sekunde chache, mara kwa mara, hakuna aliyelisoma. Afisa mmoja alinieleza bila kuficha: "Nikiukubali mfumo nabonyeza tu. Nikiukataa naandika maelezo, meneja anaita, na mtu asipolipa ni mimi." Hapo tatizo liko kwenye utaratibu, na huwezi kulitibu kwa semina. Tulichopendekeza ni afisa aandike uamuzi wake na sababu fupi kabla alama haijaonekana, na maelezo yadaiwe pande zote mbili, akikubali na akikataa. Wakati huohuo pitia marejesho ya wale aliowapitisha kinyume na mfumo, maana mlango huo huo hutumiwa na mashemeji.

Dirisha la mapato likapanuliwa hadi miezi 12, na ratiba ya marejesho ikapangwa iruke miezi ya ziwa kufungwa. Aliyeanza biashara juzi hana miezi 12, kwa hiyo ombi lake halipewi alama kabisa. Linakwenda kwa afisa na daftari la mauzo. Wale pacha wawili tumewahifadhi kwenye mazingira ya majaribio, na kila muuzaji anapoleta toleo jipya wanaendeshwa tena kwa tarehe zote mbili kabla toleo halijaruhusiwa kugusa ombi la mtu.