Pesa ya korosho huja na mvua: kwa mafundi mnaoanza kushika kazi zenu

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, mimi huwa najua nitaona nini Januari. Mzee kalipwa kupitia chama chake cha msingi, kampigia simu fundi kijana, fundi kaja na saidia wake, na kuta zimepanda mbiombio. Halafu pesa imekata. Kuta zimebaki kimo cha kifua, au zimepungua kozi mbili kufika linta, na mvua ndiyo kwanza inafunguka. Huku Kusini hatuna vuli na masika. Mvua yetu ni moja, inaingia Novemba au Desemba na kaskazi, inatoka Aprili au Mei. Kwa hiyo pesa na mvua vinaingia pamoja. Juzi nimepita Naliendele, hapa Mtwara, nikaona mambo yaleyale, na baadhi ya mafundi wenyewe ni mimi niliyewafundisha kushika pimamaji. Sasa kaeni chini, wadogo zangu.

1. Hatua ya ujenzi haiishii pesa ilipoishia. Inaishia kwenye kitu ambacho mvua haiwezi kukipenya: jamvi, linta, au bati. Ni hizo tatu tu, ukiacha msingi wenye kifusi nitakaoutaja namba tatu. Mteja akikuletea pesa, swali la kwanza siyo "tunapandisha kozi ngapi", ni "tunasimama wapi". Na linta hesabu yake ifanye kabla hujagusa tofali. Chukua nyumba ya kawaida, mita kumi kwa nane, ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata kama mita 66. Linta ya upana wa sentimita 15 na kimo cha 20 ni karibu mita mbili za ujazo za zege. Kwa moja-mbili-nne hiyo ni mifuko 13 hivi ya saruji. Nondo za milimita 12 zikipita nne nne, weka 24 au 25 pamoja na maungio, bado ringi na mbao za kufungia. Hivyo vitu vitoe pembeni kwanza, pesa yake isiguswe. Inayobaki ndiyo pesa ya kuta. Isipotosha kufika linta, simama kwenye jamvi, mfyatulie mteja tofali, mwambie tutaonana mwakani. Atanuna. Mwache anune.

2. Hii ndiyo iliyonifanya niandike, maana mimi sikumwacha mteja anune. Alikuwa mama mmoja mjane, shamba lake la mikorosho liko juu huko Newala, kiwanja chake hapa Mtwara. Nilikuwa kijana, na nilitaka watu wapite waseme nyumba ya fundi fulani imepanda. Nikala saruji yote kwenye kuta. Tukasimama kozi mbili chini ya linta. Akaniuliza, "Baba, hapo hapataharibika?" Nikamjibu kwa mdomo mpana kwamba tofali zenyewe za saruji, mvua itazikomaza tu.

Tofali kweli zilikomaa. Kilichokufa ni udongo wa kuungia. Kichwa cha ukuta kilicho wazi kinakunywa maji kutoka juu, yanashuka kwenye maungio, jua likitoka yanakauka, kesho tena. Na mchanga wetu ulikuwa na vumbi jingi, saruji nimeibana. Baada ya misimu miwili ya mvua mama akarudi na pesa. Nikapanda ngazi, nikashika tofali ya juu, ikanyanyuka mkononi. Ya pili nayo. Kozi tatu za juu zilikuwa kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Hapo nilikuwa bado naweza kujiokoa. Kazi ilikuwa kutoa tofali zote zinazocheza mpaka nifike kwenye kozi inayogoma, nipige brashi, nimwagie maji, nianze upya. Siku mbili za kazi, na mifuko michache. Lakini ningelazimika kumwambia mama kwa nini. Badala yake nikazipanga kozi mbili zilizobaki juu ya zile mbovu, nikamwaga linta, nikapiga picha. Mafundi paa walipokuja kusimamisha kenchi na kugongagonga juu, mstari ukafunguka chini ya linta, umelala sawasawa na ungio, kutoka dirisha la sebule hadi kona. Mama akaja kuangalia, akasema polepole, "Fundi, mbona ukuta unacheka?"

Tulitegemeza linta kwa milunda, tukawa tunatoa kipande cha ukuta chenye urefu wa chini ya mita, tunajenga, tunasubiri kikauke vizuri, tunaruka, tunaenda kipande kingine. Ukitoa pote kwa pamoja linta inavunjika mgongo. Ufundi wote ule nilifanya bure, na saruji nikanunua mimi. Nilichelewa hata kulipa kodi ya chumba. Leo nikiona kijana anapiga picha boma lisilo na linta, mkono unaniwasha.

Kama umebanwa kabisa na lazima usimame chini ya linta, vika kuta kofia: tandika nailoni juu ya kozi ya mwisho, juu yake lipu nzito ya moja kwa nne, unene wa inchi mbili, iliyoinamia nje. Nailoni iko pale ili siku ya kuendelea kofia ibanduke bila kung'oa tofali. Nailoni peke yake, iliyokandamizwa kwa mawe, jua linaikausha na upepo wa kusi unaimaliza vipande vipande. Na kingo za chini za madirisha zivike vivyo hivyo, watu huzisahau.

3. Msingi ukishajaa kifusi, usione haraka ya jamvi. Hapa peke yake mvua ni saidia fundi wako. Kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 halafu kikanyeshewa msimu mzima kinashuka chenyewe, na jamvi la mwakani halitapasuka. Ila acha matundu kwenye ukuta wa msingi, usawa wa ardhi ya nje, maji yapate kutoka. Ukiuziba wote unatengeneza bwawa, na bwawa litasukuma ukuta nje. Na mtaro wa msingi ambao huna zege lake, usiuchimbe.

4. Wanaokimbia mvua wakajenga Septemba nao wana msiba wao. Udongo wa kuungia unakauka kabla haujashika. Kwaruza ungio kwa msumari baada ya wiki: ukitoka unga, hujajenga, umepanga. Lowanisha tofali kabla, mwagilia siku saba, funika kwa viroba vilivyoloa. Juu Makondeni, ambako maji ya kununua yanauma, viroba vitakuokolea ndoo nyingi.

5. Vifaa. Saruji usiiweke akiba. Hewa ya bahari inaingia mfukoni, na miezi mitatu inatosha kuipunguza nguvu. Ikiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, ni ya kujazia mashimo ya njia. Nondo za nguzo za baraza zinazobaki zimechomoza, zipake uji wa saruji, vika nailoni, funga kwa waya. Kutu nyekundu ya vumbi unaifuta kwa brashi ya chuma ukaendelea. Inayobanduka magamba imeshakula nondo. Na bati msizilaze chini zikabebana, maji yakiingia katikati yanatoa kutu nyeupe hata kabla hazijaona paa. Zisimamisheni kwa ubavu, zimeinama kidogo, ndani, juu ya mbao. Mteja asiye na pa kuziweka asinunue bati mpaka kenchi ziko juu, hata kama dukani kamwambia bei inapanda kesho.