Basi la usiku Dar kwenda Mwanza: kituo, saa na siti

"Nimekata tiketi ya basi la usiku Dar kwenda Mwanza. Nitajuaje napandia wapi, na siti yangu ni ipi?"

Ndugu, piga namba ya ofisi iliyochapwa kwenye tiketi, si ya mpiga debe aliyekupeleka dirishani. Uliza gari linaanzia wapi na Mbezi linafika saa ngapi. Kampuni nyingine huanzia yadi zao, mfano Shekilango, ndipo zipite Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Ukienda yadini gari limeshatoka, kulikimbiza Mbezi ni kazi ngumu.

Saa ndiyo huwaponza wengi. Tiketi ikisema 21:00, ni saa 3 usiku. Ikisema 03:00, uliza: ni saa 9 usiku, au karani ameandika saa 3 ya Kiswahili? Na ikisema tarehe 15, saa 00:30, unatakiwa stendi usiku wa tarehe 14. Ukienda usiku wa tarehe 15, gari lako liliondoka usiku uliotangulia.

Siti ithibitishe mchana ule ule, pamoja na namba ya gari. Gari likiharibika huletwa jingine, na kama mpangilio ni tofauti, B3 ya dirishani yaweza kuwa ya njiani. Mwambie karani akuonyeshe siti kwenye chati, kisha aandike namba mpya juu ya tiketi na kugonga mhuri. Ukimkuta mtu ameikalia, mwonyeshe kondakta mhuri huo kabla gari halijaondoka.