Jibu tamu lililo kosa: kuandika skripti ya matawi kwa kaunta ya mizigo

Skripti yangu ya kwanza ya video ya mafunzo yenye matawi ilikuwa na matukio arubaini. Sikukusudia. Niliweka maamuzi matatu, kila uamuzi ukiwa na machaguo matatu, na kila chaguo nikalifungulia njia yake. Hesabu ikawa 1, kisha 3, kisha 9, kisha 27. Tulikuwa na siku mbili tu za kurekodi Kisumu, kwa hivyo karatasi zile hazikuwa na kazi. Nawaeleza ninyi mnaoanza jinsi kisa kilekile kilivyotosha katika matukio kumi, kwa sababu nilipokipunguza ndipo nilipoona mahali hasa pa kufundishia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama fundi wa nguo mwenye kibanda Kibuye anakuja kwenye kaunta ya mizigo ya kampuni ya basi. Ametumiwa robota la vitambaa kutoka Nakuru, risiti anayo, na alitarajia kulikuta asubuhi. Karani anatazama rafu, haoni kitu. Mama anasema, "Kijana wangu, nina sare za wanafunzi za kushona." Hapo picha inasimama, na anayejifunza anachagua karani aseme nini.

Kabla sijaandika machaguo, nilikaa kando ya kaunta nikasikiliza makarani wanavyosema mzigo usipoonekana. Nawasihi mfanye hivyo pia. Chaguo baya la kutunga ofisini huwa ni tusi au dharau, na hakuna karani atakayelichagua mbele ya msimamizi wake. Nilichosikia mimi ni upole. Karani anamwonea mteja huruma, anataka atulie, basi anamwambia, "Usijali mama, jioni utaupata." Hajui mzigo uko wapi. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa ugomvi wote niliouona pale saa kumi na moja.

Basi machaguo yakawa matatu:

A. "Bado haujafika, mama. Rudi jioni uangalie."

B. "Sijui uko wapi, mama. Saa tisa nitakupigia."

C. "Usijali, mama. Rudi jioni utaupata."

Tazameni urefu wake. Mwanzoni B ilikuwa na sentensi nne za adabu, na makarani sita niliowajaribia waliichagua wote bila kufikiri, kwa sababu jibu refu lenye heshima hunuka usahihi. Nilipoyasawazisha urefu na kumfanya B akiri kwamba hajui, wanne walikwenda C. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: wote wakipatia mara ya kwanza, uamuzi huo haufundishi, uandikeni upya.

Sasa matokeo, na hapa ndipo wengi huharibu. Mtu akichagua C, msimletee papo hapo sauti ya kumwambia amekosea. Katika tukio 2C mama anatabasamu, anasema, "Mungu akubariki," anaondoka. Anayejifunza ajisikie vizuri, kama karani anavyojisikia kweli. Malipo ya ahadi hiyo hayaji asubuhi, na video ikiyaleta asubuhi inasema uongo kuhusu kazi. Katika 2A mama anaguna na kuondoka. Katika 2B anasita, hajaridhika, anaacha namba ya simu shingo upande. Ndiyo, jibu sahihi linapata uso mbaya kuliko lile kosa. Mwenye kampuni aliniomba nibadilishe hilo, nikakataa, na bado nakataa.

Baada ya hapo njia zote tatu zinaungana. Tukio la 3 ni moja: karani yuko peke yake, anapiga simu Nakuru, kisha Kericho, na anagundua kwamba robota lilishushwa Kericho kwa makosa. Litafika kesho asubuhi. Nilichagua makusudi tukio ambalo mama hayupo. Ukiunganisha njia kwenye tukio lenye mteja, uso wake lazima ufanane kwa aliyedharauliwa na kwa aliyeheshimiwa, na mtazamaji ataona kwamba alichochagua hakikuwa na uzito.

Kinachokumbukwa na video kutoka tukio hadi tukio ni hali moja tu, imani ya mama. Huwa naijaribu kwenye Twine, programu ya kuandika hadithi zenye matawi, kabla ya kamera, kwa kuwa ni ya bure na hufunguka kwenye kivinjari. Mwanzoni mwa 2B naweka imani kuwa juu, mwanzoni mwa 2A na 2C naiweka chini, kisha mwishoni mwa tukio la 3 naandika hivi:

```
(if: $imani is "juu")[ [[Endelea->4-juu]] ]
(else:)[ [[Endelea->4-chini]] ]
```

4-juu ni simu ya saa tisa. 4-chini ni mama amerudi jioni, amesimama kaunta, na sentensi yake ya kwanza ni, "Ni wewe uliyeniambia nirudi jioni." Rudini juu mtazame A na C: zote zina "rudi jioni". Nililipanda neno hilo katika zote mbili ili tukio moja lizibebe bila kurekodi mara mbili. Ndiyo maana kila karatasi ya tukio huwa naiandika juu: linatoka wapi, linakwenda wapi, na mama anajua nini kufikia hapo. Mstari huo wa mwisho ndio unaonasa makosa. Kwenye rasimu moja mama alitaja Kericho kabla hajaambiwa.

Uamuzi wa pili ni mmoja kwa pande zote mbili: karani aeleze kosa na aseme litarekebishwa vipi, au awatupie lawama watu wa Kericho. Njia ni nne, lakini miisho ni mitatu. Imani juu na ukweli, mama anasubiri kwa utulivu. Imani chini na lawama, anaita meneja na kudai nauli ya mzigo. Njia mbili za katikati zinaishia pamoja.

Siku ya kurekodi, mwambieni mwigizaji wa mama kwamba mwisho wa tukio lenye uamuzi atakaa kimya sekunde kumi akimtazama karani, bila kuguna wala kuitikia. Kipande hicho ndicho kitakachojirudia wakati mtu anachagua. Akitikisa kichwa, kitatikisika kila kinapoanza upya. Saa ya ukutani iondoeni, kwa kuwa matukio hayatarekodiwa kwa mpangilio wa siku.

Na mtu akimaliza vibaya, mrudisheni tukio la 1. Akirudishwa kwenye uamuzi wa pili, atasahihisha maneno ya jioni na kuiacha ahadi ya asubuhi ilivyo.

Mwisho uliotusumbua zaidi ni ule wa katikati. Mwigizaji alitaka kufoka, na mwongozaji naye aliona hakuna kinachotokea. Nilioandika ni huu: kesho asubuhi mama anapokea robota, anatia sahihi, anasema asante. Picha inayofuata ni wiki moja baadaye, karani anapanga rafu, na robota la vitambaa kutoka Nakuru linapita barabarani juu ya basi la kampuni nyingine.