Barua ya kumtoa mtoto skuli binafsi huku ada ya nyuma haijesha

"Mwanangu anasoma darasa la nne skuli binafsi hapa Unguja. Nataka muhula huu ukiisha nimpeleke skuli ya serikali, lakini bado nadaiwa. Nisubiri nimalize deni ndiyo niandike barua, au niandike sasa? Na deni nilitaje vipi?"

Andika sasa. Fomu nyingi za kujiunga zina kifungu cha notisi, pengine mwezi mmoja, pengine muhula mzima. Notisi ikichelewa, skuli inaweza kukudai ada ya muhula unaofuata hata kama mtoto hakukanyaga darasani. Ukingoja upate pesa kwanza, deni linaweza kuongezeka wakati wewe unahangaika kulipunguza. Itafute hiyo fomu uliyotia saini siku ya kumuandikisha, usome siku ngapi zinatakiwa na zinahesabiwa kuanzia lini.

Kabla ya kuandika, pita kwa mhasibu umuombe mchanganuo wa deni kwa maandishi, usikubali jumla tupu. Ulinganishe mchanganuo huo na risiti zako. Makosa hujificha zaidi kwenye gari la skuli na chakula, kwa sababu vitu hivyo huendelea kuandikwa kila mwezi mtoto akiwa ameshaacha kuvitumia. Ada yenyewe haikosewi sana, isipokuwa pale malipo ya benki yalipoingia bila jina la mtoto.

Tuchukue mfano. Mchanganuo unasema: baki ya muhula uliopita 250,000, ada ya muhula huu 600,000, gari miezi mitatu 120,000, umelipa 300,000. Wanakudai 670,000. Lakini gari mtoto alipanda mwezi mmoja tu, kwa hiyo 80,000 unazipinga. Zinabaki 590,000 unazozikubali. Kama siku ya kujiunga uliweka amana ya 100,000 na fomu inasema hurudishwa, omba ikatwe humo humo, ibaki 490,000.

Hapo ndipo watu wanapojifunga. Wanaandika "nakiri kudaiwa na nitalipa deni lote", na sentensi hiyo imeshakubali na zile 80,000 za gari. Kiasi unachokikubali kitaje kwa tarakimu, na unachokipinga kitaje peke yake na sababu yake. Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. YAH: KUMUONDOA MWANAFUNZI (jina kamili, darasa, namba ya usajili).

Natoa taarifa kuwa mwanangu aliyetajwa hapo juu ataacha masomo katika skuli yako tarehe ..., siku ya mwisho ya muhula huu, kwa sababu za kifamilia. Naomba asiandikiwe ada wala huduma yoyote baada ya tarehe hiyo.

Kwa mujibu wa mchanganuo wa tarehe ..., nadaiwa shilingi 670,000. Kati ya hizo nakubali 590,000. Shilingi 80,000 za usafiri sizikubali kwa kuwa mtoto aliacha kutumia gari tangu tarehe ...; naomba zihakikiwe. Naomba pia amana ya shilingi 100,000 ikatwe katika deni. Baki ya shilingi 490,000 nitalipa 140,000 siku ya kukabidhi barua hii, na 70,000 kila tarehe 5 kwa miezi mitano.

Naomba barua ya uhamisho na ripoti za mtoto baada ya malipo hayo ya kwanza."

Basi, inatosha. Malalamiko juu ya mwalimu au vyoo yaandikie barua nyengine. Yakichanganywa na deni, ofisi itajibu malalamiko na hesabu zako zitakaa kando. Na hizo 70,000 zisiwe za kufurahisha ofisi. Weka kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakitoa, maana ukikosa awamu ya pili tu, skuli itakuwa na haki ya kukuona uliahidi ili upate karatasi.

Nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Ujumbe wa simu kwa mwalimu wa darasa si notisi, hata kama amejibu "sawa mama". Karani akikataa kugonga muhuri, rudi siku ya pili na mtu mzima mwengine atie saini kama shahidi kwamba barua imeachwa ofisini.

Kuhusu uhamisho, skuli huwa inataka kushikilia karatasi mpaka shilingi ya mwisho. Ndiyo maana malipo ya kwanza yawe ya kuonekana. 140,000 mkononi zina nguvu kuliko ahadi ya 490,000. Wakikubali mpango wako, waombe jibu la maandishi. Wakikubali kwa mdomo tu, waandikie siku hiyo hiyo mistari miwili ya kurudia mlichokubaliana, nayo igongwe muhuri.

Awamu ya mwisho ukishailipa, usiondoke na risiti pekee. Risiti inaonesha 70,000 zimeingia, haisemi deni limekwisha. Omba barua fupi inayosema hudaiwi tena, uiweke pamoja na ile nakala yenye muhuri.