Duka lilikufa, naogopa kuanza tena: nianze na biashara gani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nilikuwa na duka la nguo za watoto, mwanzo lilienda vizuri kabisa ila baada ya miezi kama nane likaanza kushuka mpaka nikafunga. Akiba yote iliishia pale na deni kidogo bado ninalo. Sasa nimejikusanya tena kidogo lakini kila nikitaka kuanza moyo unaenda mbio. Naomba unitajie biashara ambayo haina hasara au yenye riski ndogo, tofauti na nguo, maana nguo sitaki hata kuzisikia.

JIBU: Dada yangu pole sana, ila biashara isiyo na hasara sina na hakuna aliye nayo, ukikutana na mtu anakutajia ujue ameshaona pochi yako. Na hilo la kuzikimbia nguo ndio linaniumiza kichwa kuliko yote, maana maswali kama lako napata kila siku na karibu kila mtu anataka kuhama biashara kabla hajajua ile ya kwanza ilikufa na nini. Aliyefeli kwenye nguo anataka kufuga, aliyefeli kwenye kufuga anataka kuuza nguo, kila mmoja anaenda kulipa ada upya kwenye darasa ambalo mwenzake ametoka kufukuzwa.

Hebu tulifungue hilo duka kwanza. Hesabu zako hujanipa kwa hiyo nitabuni, wewe weka zako. Tuseme mtaji ulikuwa 1,000, pesa yoyote ile haina shida. Ukalipa pango la miezi sita kwa mkupuo 240, rafu na bango na rangi 160, ikabaki 600 ukanunua mzigo. Nguo moja unainunua 4 unauza 6, kwa hiyo una nguo 150 dukani. Kwa mwezi unauza nguo 40, yani mauzo 240, ukitoa pesa ya kurudisha mzigo unabaki na 80. Hapo umeme na msaidizi wanachukua 30, na wewe unachomoa 50 za kula nyumbani. 80 imeingia 80 imetoka, mzigo umejaa kama ulivyokuwa, wateja wapo, unasema mambo safi.

Ila pango umelisahau kwa sababu ulishalilipa. Kila mwezi duka linakula 40 ya pango na hiyo 40 hairudishwi na mtu, haionekani tu kwa sababu ilitoka zamani. Mwezi wa saba mwenye nyumba anakuja anataka 240 nyingine kwa mkupuo na droo haina kitu, unafanyaje? Unauza nguo hurudishi mzigo. Mzigo wa 600 unakuwa 360, rafu zinaanza kuonyesha mbao, mama anakuja anataka saizi ya miaka minne imeisha, anaondoka na harudi, mauzo yanashuka toka nguo 40 mpaka 25, hapo ndio unachukua mzigo wa mali kauli na deni linazaliwa. Mwezi wa nane unasema biashara imeshuka. Wengine hapa ndio wanaanza kusema kuna mtu kawafanyia kitu. Dada biashara haikushuka mwezi wa nane, ilikuwa inapata hasara ya 40 toka siku umekata utepe, ilichelewa tu kukwambia.

Kwa gharama hizo ulitakiwa uuze nguo 60 kila mwezi ndio ulipe pango, umeme, msaidizi na nyumbani bila kugusa mtaji. Ulikuwa unauza 40. Kwa hiyo wateja ulikuwa nao na nguo ulikuwa unajua kuziuza, kilichokushinda ni mlango na ile 50. Sasa niambie ukienda kufungua genge au saluni kwenye mlango uleule wa kulipia miezi sita, kitabadilika nini?

Kama daftari lako la zamani bado lipo litafute, hata kama limejaa mafuta ya taa. Kama halipo kaa chini uandike unachokumbuka: ulinunua nini, kilichukua muda gani kuisha, nini kilibaki mpaka mwisho ukauza kwa hasara. Wenye maduka ya nguo za watoto wengi ukiwauliza watakwambia kuna saizi zinakimbia na kuna saizi zinazeeka rafuni, hiyo elimu uliilipia na akiba yako yote, halafu unataka kuitupa.

Wazo langu ni hili, rudi kwenye nguo zilezile lakini bila duka na bila mzigo, oda kwanza. Tuseme hivyo ulivyojikusanya ni 200. Deni tuseme 60, nenda kwa anayekudai mkubaliane ratiba ya kulipa kidogokidogo kabla hujanunua hata soksi, maana mdai akisikia umeanza tena na hujamwambia atakuja kuchukua pesa ya wateja. Halafu tenga 50 ya majaribio, na hiyo 50 uihesabu imeshapotea toka siku unaitenga. Iliyobaki isiguswe, hata oda zikija nyingi.

Kwenye hiyo 50 nunua nguo 5 za sampuli kwa 20, chagua zile ambazo daftari linakwambia zilikuwa zinatoka haraka. Piga picha nzuri mchana kweupe, weka kwenye stetasi, onyesha kwa mkono pale wamama wanapokutana, na useme bei ni 6, anayetaka anatoa advansi 4 anamalizia 2 akipokea. Hiyo 4 sijaichagua kwa bahati mbaya, ndio bei yako ya kununulia, kwa hiyo mteja akiingia mitini nguo imebaki kwako na imeshalipiwa. Usiende kununua oda mojamoja, zikusanye, nenda siku moja kwa wiki. Nauli na bando na mifuko tuseme vinakula 7 kila wiki, mwezi ni 28.

Sasa angalia. Nguo zilezile 40 ulizokuwa unauza dukani zinakupa 80, toa 28 unabaki na 52, ile 50 ya nyumbani inatoka na mtaji haujaguswa. Faida ni 2, najua inachekesha, ila kwenye duka kwa nguo hizohizo ulikuwa unapoteza 40 kila mwezi. Usijidanganye lakini kwamba 40 zitakuja mwezi wa kwanza. Dukani mtu alikuwa anashika nguo, anavuta mshono, anaondoka nayo, huku unamwambia atoe pesa asubiri, wengi watakataa na wana haki. Ndio maana majaribio yanakuwa na mwisho: mimi ningekupa wiki sita, na ningehesabu oda zilizolipiwa advansi na watu wasio ndugu wala marafiki. Shangazi atanunua kwa huruma mara moja halafu basi. Wakifika wageni 15 endelea, na wakianza kurudi mara ya pili hapo kuna kitu. Wasipofika simama, umepoteza sehemu ya 50 na sampuli bado unaweza kuziuza. Na katika hizo wiki sita usichomoe pesa ya nyumbani humo, kama huna kwingine pa kulia basi usianze sasa, tafuta kibarua kwanza, nasema kweli.

Kuna kosa moja linaua watu wa oda na nimeliona sana. Advansi ya mteja sio pesa yako mpaka amepokea nguo. Mtu anachukua advansi ya huyu analipia nguo ya yule aliyelipa wiki iliyopita, kwa sababu ile ya wiki iliyopita alinunulia dawa ya mtoto, inaenda hivyo mpaka siku oda zinapungua na wamama wanne wako mlangoni wanataka chao. Kipimo chake ni rahisi, jioni yoyote jumlisha pesa taslimu uliyonayo na nguo ambazo hujapeleka kwa bei ya kununulia, ikiwa ndogo kuliko advansi zote za watu ambao hujawapelekea mzigo, tayari unakula za watu. Na muuzaji wako wa jumla akikosa saizi rudisha pesa siku hiyohiyo, usimshawishi mteja achukue rangi nyingine asiyoitaka.

Na kipimo cha biashara nzima, ambacho dukani hukuwa nacho: kila mwisho wa mwezi andika namba moja tu, pesa taslimu jumlisha mzigo kwa bei ya kununulia jumlisha pango ulilolipa na hujalitumia, toa madeni yote na advansi za watu. Ikipungua miezi miwili mfululizo unakula mtaji hata kama foleni ya wateja imefika barabarani. Ungekuwa unaiandika ungeona 40 inaondoka toka mwezi wa kwanza na ungekuwa na miezi mitano ya kufanya kitu.

Swali la lini urudi dukani najua litakuja. Zikipita oda 60 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, tuongee. Na hapo ujaribu kwanza kuomba kona kwenye duka la mtu umlipe kwa kila nguo inayouzika.

Sasa hawa wanaouza orodha za "biashara 50 za mtaji mdogo zisizo na hasara", nimechoka nao. Hawajui ulipoteza nini, hawakuulizi pango, hawakuulizi deni, wanakutumia faili la kurasa kumi na namba ya kulipia. Ila hao angalau wanachukua kidogo. Wabaya ni wale wanaokuja wakisikia umepoteza, wanakwambia weka hapa utarudishiwa yote ndani ya muda mfupi. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika toka 1979 kwamba mtu aliye kwenye hasara anakuwa tayari kucheza kamari ambayo siku za kawaida angeikataa, na hawa jamaa bila kusoma popote wanalijua hilo. Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na waliotangulia kweli walilipwa, kwa pesa za waliokuja nyuma yao, mpaka ikakatika. Zaidi ya miaka 100 sasa mchezo ni uleule, siku hizi unakuja kwenye grupu una picha za magari.

Wewe uliyeogopa mpaka moyo unaenda mbio uko salama kuliko yule mwenye hasira ya kurudisha zake. Akija mtu na mpango wake muulize kitu kimoja, nani nje ya kundi lenu ananunua nini mpaka hii faida ipatikane, akutajie bidhaa, bei ya kununulia na bei ya kuuzia kama tulivyofanya hapa kwenye nguo. Akianza kukwambia habari za kujiamini na kubadili fikra, usitoe hata ile 50.