Mtoto ana kamasi na mwili moto: nimpime malaria au nisubiri?

Swali: "Habari zenu wanajukwaa. Tumehamia Tororo wiki tatu sasa, tumetoka Nakuru. Kijana wangu wa miaka minne ana homa tangu juzi, pua inachuruzika, anakohoa kidogo, na jana usiku mwili ulikuwa moto sana. Huko nasari kwao karibu wote wana homa. Nimempa Panadol ya maji na asubuhi hii anacheza. Nimpeleke apimwe malaria ama nisubiri siku mbili tatu?"

Dada, mpeleke leo. Nimekaa kwenye maabara ya kituo cha afya hapahapa wilayani Tororo miaka 11, natoboa vidole vya watoto wa watu, na bado kosa hilo la kusubiri nililifanya kwa binti yangu mwenyewe. Kwa hiyo siandiki kukugombeza.

Kabla ya hapo, tuelewane neno moja. Kwenu Nakuru mtu akisema ana homa, ana kamasi na chafya. Hapa mhudumu akisikia homa anaelewa mwili umechemka. Waganda nao wana ssenyiga, hayo ndiyo mafua, na wana omusujja, ambalo ni joto la mwili, ila mtaani omusujja ndilo hilohilo jina la malaria. Ukifika kituoni usiseme "ana homa" ukaishia hapo. Sema: mwili umekuwa moto tangu juzi, jana usiku ulizidi, na tuna wiki tatu tu hapa. Maneno hayo matatu yatamfanya achukue kadi ya kupimia kabla hajashika chupa ya dawa ya kikohozi.

Sasa ya binti yangu. Alikuwa na miaka mitano, darasa zima wana mafua, kama hao wenzake kijana wako. Ijumaa jioni alirudi pua imejaa. Jumamosi mwili ukapanda, nikapima kwapani ikasoma 38.4. Nikampa Panadol, saa moja baadaye anakimbizana na kuku. Nikajiambia, mafua haya. Jumapili asubuhi mzima kabisa. Jumapili usiku akaanza kutetemeka chini ya blanketi mbili, meno yanagongana, kisha akatapika uji wote. Mama mkwe alikuwepo, akaniuliza swali moja tu: "Wewe si ndiye unayepima?" Jumatatu alfajiri nikamtoboa kidole. Mstari wa malaria ulitokea hata kabla damu haijamaliza kupanda kwenye kadi, na kwenye hadubini vimelea vilikuwa wengi kiasi cha kunitoa jasho.

Mafua alikuwa nayo kweli. Hapo ndipo nilipoteleza. Niliona kamasi nikadhani nimeshapata sababu ya joto, kana kwamba mtoto hawezi kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Kamasi ni ushahidi kwamba kuna mafua. Si ushahidi kwamba hakuna malaria. Tena malaria yenyewe humfanya mtoto akohoe wakati mwingine. Kuumwa kichwa, viungo kuuma, uchovu, kukataa chakula, vyote viko pande zote mbili. Watu watakwambia malaria ni kutetemeka na kutoka jasho kwa zamu, siku hii ndiyo, siku hii siyo. Malaria ya Uganda karibu yote inatokana na kimelea kiitwacho falsiparum, na hicho siku za mwanzo hakifuati ratiba. Joto linapanda linavyotaka. Kwa macho, hata daktari hawezi kuzitenganisha kwa uhakika.

Panadol ndiyo iliyonimaliza. Inashusha joto la mafua na la malaria vilevile, kwa saa nne hadi sita hivi. Kwa hiyo "asubuhi hii anacheza" inakwambia dawa imefanya kazi, basi.

Na kuhusu siku mbili tatu za kusubiri: mafua ukiyasubiri siku hizo mara nyingi yanaanza kulegea yenyewe. Kimelea cha falsiparum kinaingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kinajigawa humo, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka na vichanga vinatoka kutafuta chembe nyingine. Kila mzunguko unaweza kuzidisha idadi yao mara kumi hivi. Siku mbili zako ni mzunguko mmoja mzima. Mtu mzima aliyezaliwa Tororo ameumwa malaria tangu utotoni, mwili wake umejifunza kuvibana. Kijana wako ametoka Nakuru, kwenye baridi na mbu wachache, mwili wake haujawahi kukutana na vimelea hivyo. Huyo anaweza kutoka kwenye joto la kawaida hadi degedege ndani ya siku moja au mbili.

Hizo wiki tatu nazo nimezihesabu. Tangu mbu amuume mtu mpaka joto lianze huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi kati ya kumi na kumi na tano, kwa sababu kimelea hupitia kwanza kwenye ini. Mngekuwa mmefika siku tatu tu zilizopita na hamjatoka Nakuru kupitia sehemu nyingine yenye mbu, ningekwambia malaria ya hapa haiwezekani bado. Mafua ya homa kali yenyewe hutokea siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa. Wiki tatu inaingia sawasawa kwenye hesabu ya malaria.

Kipimo chenyewe ukiangalie, usitoke nje. Kwenye vituo vya serikali ni bure, kikiwepo. Kikikosekana, zahanati za binafsi wanacho. Watapangusa kidole kwa spiriti, watatoboa pembeni, watachukua tone dogo la damu na kuliweka kwenye tundu dogo la kadi, kisha watadondosha matone ya maji ya kipimo kwenye tundu la pili. Uwekundu utapanda taratibu kwenye karatasi. Mstari kwenye herufi C lazima utokee. Usipotokea kadi ni mbovu, irudiwe. Ukitokea na kwenye T, hata kama ni hafifu kama penseli iliyofutwa, ana malaria. Angalia saa: kadi nyingi zinataka dakika 15 hadi 20, imeandikwa kwenye pakiti. Foleni ikiwa ndefu utaona mtu anasoma dakika ya tano na kusema hamna. Nimefanya kazi na wa namna hiyo. Mwambie kwa upole, "Ndugu, tungoje kidogo."

Ikiwa ipo, dawa ya kawaida ni Coartem au ndugu zake wenye dawa hizohizo mbili ndani, dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Idadi ya vidonge inafuata kilo, kwa hiyo hakikisha wamempima uzito. Binti yangu alikuwa na kilo 17, akala viwili kila mara. Mpe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, dawa inaingia vizuri zaidi. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo, na akiendelea kutapika mrudishe kituoni. Joto likishuka siku ya pili usiweke vidonge vilivyobaki kwenye kabati kwa ajili ya dada yake. Hilo naliona kila siku.

Ikiwa haipo, usinunue Coartem "kwa usalama". Mpe maji mengi, Panadol kwa kilo zake, msafishe pua, na mwangalie. Joto likiendelea siku mbili, rudi apimwe tena, kwa sababu mwanzoni vimelea vinaweza kuwa wachache mno kadi isivione. Na kwa kuwa anakohoa, muinue fulana akiwa ametulia au amelala, uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, hiyo ni dalili ya nimonia. Fanya hivyo hata kama kadi imesema malaria ipo, maana huku kwetu kadi inaweza kuwa na mistari miwili na mapafu nayo yakawa yameumia.

Kuna mtego mmoja wa kadi ambao watu wachache wanaujua, nao ulinikuta mimi. Mwaka huo huo niliugua malaria, nikamaliza dozi vizuri. Wiki ya tatu nikashikwa na mafua makali, koo linawaka, mwili moto. Nikajipima kwa kadi: mistari miwili. Ningekuwa mtu wa kawaida ningemeza dozi nyingine. Nikapaka damu kwenye kioo, nikatafuta kwa hadubini karibu nusu saa, hakuna hata kimelea kimoja. Kadi nyingi zinazotumika hapa hazimtafuti kimelea mwenyewe, zinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo kama siku moja kijana atatibiwa malaria na joto likarudi ndani ya mwezi mmoja, mwambie mpimaji, na uombe damu isomwe kwa hadubini. Leo hilo halikuhusu, huyu hajawahi kutibiwa.

Usingoje foleni wala kadi kama anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea na haamki vizuri, anahema kwa shida, viganja vimekuwa vyeupe, au mkojo umekuwa mweusi kama kokakola. Hapo pita mbele uwaonyeshe; atahitaji sindano ya atesuneti, vidonge havimtoshi tena.

Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye simu saa uliyompa Panadol ya mwisho. Akifika hapo na 37, mtu atakwambia mtoto hana joto murudi nyumbani. Muonyeshe hiyo saa, na uombe kadi.