Simu ya sekunde 8 iliyonikata dakika nzima

Kazi yangu ni kupeleka mizigo kwa watu, na simu zangu nyingi ni za maneno matatu: "Nimefika, shuka chini." Mwezi mmoja bili ilikuja kubwa kuliko nilivyotarajia, nikaamini kabisa kwamba nimeibiwa. Nilifungua orodha ya simu kwenye simu yangu, nikajumlisha muda wote, nikazidisha kwa bei ya dakika. Hesabu yangu na ya kampuni ya simu hazikukutana hata kwa mbali.

Kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilijumlisha sekunde zote kwanza, ndipo nikazigeuza dakika. Wao hawafanyi hivyo. Kwenye mpango wa kutoza kwa dakika, kila simu inapandishwa hadi dakika kamili peke yake, halafu ndipo zinajumlishwa. Hapo ndipo bili inaponenepa.

Chukua simu zangu 7 za asubuhi moja, kwa sekunde: 8, 14, 62, 35, 127, 21 na 245. Jumla ni sekunde 512, yaani dakika 8 na sekunde 32. Kwa hesabu yangu ya mwanzo ningelipia dakika 9. Sasa pandisha moja moja: 1, 1, 2, 1, 3, 1, 5. Zinakuwa dakika 14. Ile ya sekunde 62 ndiyo inayouma zaidi, maana sekunde 2 za "haya, asante" zimenunua dakika ya pili nzima.

Ukiwa na orodha ndefu usijisumbue kwa kidole. Weka sekunde za kila simu kwenye safu ya A ya lahajedwali, kuanzia A2, na pembeni yake andika:

```
=ROUNDUP(A2/60,0)
```

Vuta fomula hadi chini, jumlisha. Mimi nilipofanya hivyo kwa mwezi mzima nilipata idadi ileile ya dakika iliyokuwa kwenye bili. Kama yako bado haifanani, angalia kama kuna ada ya kuunganisha simu, au simu zilizopokewa na kisanduku cha ujumbe wa sauti: mwenye simu hajapokea, lakini mtambo umepokea, na kwa kawaida saa ya malipo huanza hapo.

Basi nikakimbilia mpango uliotangazwa kuwa ni wa sekunde. Hapa pia pana mtego. Ndani ya masharti utakuta tarakimu mbili kama 60/60, 1/1 au 60/1. Ya kwanza ni kiasi cha chini unachotozwa simu ikishapokewa, ya pili ni hatua ya kuhesabu baada ya hapo. 1/1 ni sekunde kwelikweli. 60/1 ina maana dakika ya kwanza inaliwa yote, sekunde zinaanza kuhesabiwa baadaye. Kwa zile simu zangu 7, mpango wa 60/1 unanitoza sekunde 674, yaani dakika 11 na sekunde 14. Ni nafuu kuliko 14, lakini si 8 na nusu niliyoidhani.

Kama masharti hayasemi, jaribu mwenyewe. Hakikisha huna kifurushi kinachofanya kazi, kwa sababu kitakatwa chenyewe na salio halitasogea. Angalia salio, piga simu ya sekunde 5 hivi, angalia tena. Kisha piga ya dakika 1 na sekunde 5. Ukikatwa dakika moja kwa ile ya kwanza na mbili kwa ya pili, hiyo ni 60/60, hata tangazo liseme nini.

Je, wa sekunde ndio bora siku zote? Hapana. Bei yake mara nyingi huwa juu kidogo. Mimi natozwa dakika 14 kwa maongezi ya 8 na nusu, yaani mara 1.64. Kwa hiyo bei ya sekunde, ukiizidisha kwa 60, isipofika mara 1.64 ya bei ya dakika, nanufaika kuhama. Lakini mtu mwenye simu moja ya dakika 40 na sekunde 10 anatozwa 41. Anapoteza kama asilimia 2 tu, na huyo bei ya juu ya sekunde itamuumiza bure.

Jambo jingine ni mtandao unaokatika. Maongezi ya sekunde 150 bila kukatika ni dakika 3. Yakikatika mara mbili yakawa vipande vya 70, 65 na 15, unalipia 2, 2 na 1, jumla dakika 5. Ndiyo maana sasa mahali penye mawimbi hafifu situmii laini ya dakika.

Laini zangu ni mbili: ya 1/1 kwa wateja, ya dakika kwa kuongea na dada yangu, ambaye hajawahi kukata simu kabla ya nusu saa.